Nyumba moja, maelekezo ya namna tatu: yapi yatamfikisha raida wa Dubai mlangoni kwako?

Mswahili anayeishi International City, Dubai, akiagiza chakula usiku, raida anayekuja na pikipiki huenda ni mtu wa Peshawar, wa Dhaka au wa Kathmandu. Mnakutana kwenye Kiingereza cha kuokoteza, na pale kinapoishia, simu ndiyo inayotafsiri. Unaandika Kiswahili chako, yeye anakinakili kwenye Google Translate na kukisoma kwa Kiurdu, Kibengali au Kinepali. Au wewe mwenyewe unatafsiri kabla hujatuma. Kwa vyovyote vile, maneno hayamfikii kama ulivyoyaandika. Kwa kawaida mashine hukitoa Kiswahili kwenda Kiingereza kwanza, ndipo Kiingereza kiende Kiurdu, kwa hiyo kila neno lenye maana mbili lina mahali pawili pa kupotelea.

Hapa nalinganisha namna tatu za kuandika maelekezo ya nyumba ile ile: kusimulia safari, kutaja alama, na kutoa namba tupu. Mimi nachagua ya pili, ikiwa na kipande cha ya tatu ndani yake. Lakini zisome sababu kuliko uamuzi, kwa kuwa nyumba yako huenda haifanani na hii ya mfano.

Nyumba yenyewe

International City, mtaa uliojengwa na kampuni ya Nakheel, umegawanywa katika makundi ya majengo yenye majina ya nchi: England, France, Spain, Russia, Greece, Morocco, Persia, China na mengine. Ndani ya kundi moja majengo yanafanana kimo na umbo. Kinacholitenga jengo moja na jirani yake ni herufi na namba iliyo ukutani, kama S-05 au P-11. Mtu aliyezoea kuelekeza kwa kusema "nyumba ya geti jeusi" au "ile yenye mwembe mbele" hapa hana pa kushika.

Tuseme unaishi England Cluster, jengo X-12, ghorofa ya tatu, fleti 304. Namba hizi nimezibuni kwa ajili ya mfano tu. Tuseme pia kwamba sehemu ya chini ya jengo lako ina duka la kufulia nguo ambalo bango lake linasomeka AL NOOR LAUNDRY, na kwamba mlango wa kupandia kwenye fleti uko upande wa maegesho ya magari, nyuma ya maduka. Agizo lako linatakiwa lifike saa mbili usiku.

Namna ya kwanza: kusimulia safari

Hivi ndivyo wengi wetu tunavyoandika, kwa sababu ndivyo tunavyoongea:

```
Ukitoka Dragon Mart njoo moja kwa moja mpaka
Uingereza, ukifika kwenye mzunguko kata kulia,
mbele ya bakala utaona duka la kufulia la Nuru,
ndiyo hapo hapo, zunguka nyuma upande ghorofa
ya tatu. Niletee saa mbili usiku.
```

Mswahili mwenzio wa Dubai, anayejua kwamba bakala ni duka dogo la vyakula, akiusoma ujumbe huu anafika. Kwake unaeleweka kabisa, na ndiyo maana ni rahisi kuutuma bila kuutilia shaka. Mfuate sasa raida anayeusoma kwa Kiurdu.

Tatizo la kwanza halihusiani hata na tafsiri. Ujumbe unaanzia Dragon Mart, na raida huenda hapiti huko. Yeye anatokea kwenye mgahawa, na mgahawa unaweza kuwa Silicon Oasis, Mirdif au ndani ya International City yenyewe. "Kata kulia" ni kweli kwa anayetokea upande mmoja tu. Anayetokea upande wa pili, kulia kwake ni kushoto kwako. Isitoshe, Dragon Mart ni jengo lenye urefu unaozidi kilomita moja, kwa hiyo "ukitoka Dragon Mart" haimwambii aanzie wapi.

Halafu kuna "Uingereza". Wewe umelitafsiri jina la kundi la majengo kama unavyoitafsiri nchi, na mashine inaendelea ulipoachia: Uingereza inakuwa United Kingdom au Britain, nayo inaingia kwenye Kiurdu kama nchi. Raida anaambiwa aende moja kwa moja mpaka Uingereza. Akiwa mzoefu wa mtaa atakisia. Akiwa mgeni atapiga simu. Mwenye kukaa Persia Cluster akiandika "Uajemi" ana shida kubwa zaidi, maana jina linaweza kutoka upande wa pili likiwa Iran, na hakuna bango lolote mtaani linaloandikwa Iran Cluster.

Kwenye "kata kulia" kuna hatari mbili. Kulia ni upande, na kulia ni kutoa machozi. Ndani ya sentensi kamili mashine kwa kawaida huchagua sawasawa, lakini ukiandika kwa mkato, "kulia, bakala, juu", umeiondolea maneno ambayo yangeisaidia. "Kata" nalo ni la kisu kabla ya kuwa la kona. Neno "geuka" ni salama zaidi, na "upande wa kulia" ni salama kuliko "kulia" peke yake.

Ila neno linalofaa kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni "mbele ya". Kwetu linabeba mambo mawili: linaloitazama bakala, na lililo baada ya kuipita bakala. Mswahili anayajua kwa muktadha na kwa mkono wa msemaji. Mashine inachagua moja, aghalabu "in front of". Kutoka hapo Kiurdu kinaleta "ke saamne", na "saamne" kwa Kiurdu na Kihindi hutumika kwa kilicho mbele ya kitu na vilevile kwa kilicho mkabala nacho, ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo maneno mawili ya Kiswahili uliyoyapanga kwa uangalifu, "mbele ya" na "mkabala na", yanaweza kumfikia raida yakiwa neno moja. Barabara ikiwa na ukuta katikati, kosa hilo linamlazimu kwenda mpaka pa kugeuzia gari na kurudi, na chakula kinapoa.

"Duka la kufulia la Nuru" limefanyiwa kosa lile lile la Uingereza. Bango limeandikwa AL NOOR kwa Kilatini na kwa Kiarabu, nawe umeandika Nuru. Kwenye Kiingereza inaweza kuwa Light, na raida anatafuta dobi la taa.

Mwisho ni saa. Saa mbili usiku ya kwetu ni 20:00. Mashine inaweza kuipatia, na inaweza kuiandika saa mbili ya usiku kwa hesabu ya Kizungu, yaani 02:00. Ukiagiza chakula cha sasa hivi haina madhara, kwa kuwa agizo lina muda wake. Lakini ukiandikiana na mtu wa kuleta kifurushi, ukamwambia "nitakuwepo kuanzia saa kumi", unaweza kukuta amekuja asubuhi ukiwa kazini. Vilevile "kesho": kwa Kiurdu na Kihindi "kal" ni jana na ni kesho, na ni kitenzi ndicho kinachoamua. Ukiwa umeandika kwa mkato bila kitenzi, "mzigo kesho", umemwachia swali.

Namna hii ina faida moja, nami siidharau. Kama raida yuko umbali wa mita hamsini na anakutumia ujumbe kwamba amepotea, kumsimulia hatua mbili kutoka pale aliposimama ni haraka kuliko kitu kingine chochote, hasa akikutumia picha ya anachokiona. Kama maelekezo ya kuhifadhi kwenye programu ya kuagizia chakula, haifai.

Namna ya pili: alama zinazoonekana

Nyumba ile ile, ujumbe mwingine:

```
England Cluster, International City
Jengo: X-12
Fleti: 304
Jengo langu lina duka la kufua nguo.
Bango la duka: AL NOOR LAUNDRY
Mlango wa jengo uko upande wa maegesho ya magari.
Panda lifti mpaka 3.
Muda: 20:00
```

Hakuna safari ndani yake, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Raida ana ramani ya kumleta mpaka mtaani. Kinachomshinda ni mita mia za mwisho, na ujumbe huu unazishughulikia hizo tu. Kila mstari ni jambo moja. Mashine ikiuharibu mmoja, mingine inabaki mizima. Kwenye ule wa kwanza, sentensi ilikuwa moja ndefu, na neno moja likipotoka linaikokota sentensi yote.

Majina yamebaki kama yalivyo ukutani. England Cluster haijawa Uingereza, na bango limeandikwa kwa herufi kubwa za Kilatini kama linavyoonekana barabarani. Herufi kubwa zinasaidia kuionyesha mashine kwamba hili ni jina. Hata mashine ikilitafsiri kwa Kiurdu, raida anaweza kurudi kwenye ujumbe wako wa awali na kuziona herufi zile zile zinazowaka juu ya duka. Hahitaji kujua maana yake, wala kujua Kiingereza. Analinganisha kwa macho. Kwa sababu hiyo, usimtumie tafsiri peke yake. Tuma maandishi yako na tafsiri chini yake.

Angalia pia nilichokiepuka. Sikuandika "chini ya jengo kuna duka", ingawa ndivyo tunavyosema, kwa sababu "chini ya jengo" ikiwa "under the building" inampeleka mtu kwenye maegesho ya chini ya ardhi. "Jengo langu lina duka" haina pa kupotokea. Sikuandika "mlango hauko barabarani", kwa kuwa ukanushi wetu ni silabi moja iliyofichwa ndani ya kitenzi, na ukianguka njiani sentensi inasema kinyume chake kwa ujasiri ule ule. Sema mlango uko wapi. Ukitaka chakula kisiachwe kwa mlinzi, andika "leta mpaka mlango wa fleti 304" badala ya "usimwachie mlinzi".

Ghorofa nayo imeandikwa kwa namba ya kitufe cha lifti. "Ghorofa ya kwanza" kwetu ni ile iliyo juu ya ardhi, lakini kuna wanaoanza kuhesabu ardhini. Kwenye majengo makubwa ya Dubai mambo yanazidi, maana lifti inaweza kuwa na G, kisha M, kisha P1, P2 na P3 za magari, ndipo 1 ianze. Namba ya kitufe haina mjadala.

Nina neno kuhusu kuchagua alama, kwa sababu namna hii inasimama au kuanguka hapo. Alama nzuri kuliko zote ni ile inayoligusa jengo lako, ama iliyo ndani yake. Ikiwa hivyo, huhitaji mbele, nyuma, mkabala wala pembeni, na lile tatizo la "saamne" linaondoka lenyewe: duka likionekana, jengo ndilo hilo. Alama ikiwa mbali hatua kumi tu, tayari unahitaji neno la uhusiano, na maneno ya uhusiano ndiyo yanayoharibika kwanza kwenye tafsiri. Ikiwa huna budi kutumia alama ya ng'ambo, mwambie kitendo: "Duka liko upande wa pili wa barabara. Jengo langu liko upande wa bustani." Sentensi mbili fupi zinabeba salama kile ambacho "mkabala na" haiwezi.

Kisha alama iwe moja tu mtaani. Supamaketi yenye matawi matatu International City inampa raida majibu matatu. Bakala ni nyingi mno kutajwa bila jina. "Karibu na bakala" ndani ya Dubai ni sawa na kutosema kitu. Pia ionekane usiku, maana maagizo mengi ni ya usiku. Bango linalowaka taa linashinda mti, linashinda rangi ya ukuta, linashinda hata msikiti ikiwa mnara wake hauonekani kutoka barabara anayopita raida. Na isiwe ya kuhama: gari la jirani, uzio wa ujenzi na bango la tangazo la mwezi mmoja huondoka bila kukuarifu, na maelekezo uliyoyahifadhi mwaka jana yanaendelea kutumwa. Maduka hubadilisha wenye nayo na majina. Ukiona fundi anashusha bango la chini ya nyumba yako, fungua programu siku hiyo hiyo ubadilishe.

Udhaifu wa namna hii ni kwamba inategemea kuwe na kitu cha kutaja. Aliye kwenye safu ya nyumba za ukuta mweupe zote, bila duka wala bango, atahangaika. Pia raida akiwa hasomi herufi za Kilatini kwa urahisi atapata shida kidogo, ingawa kazi yenyewe kwenye programu na vibao vya Dubai humzoesha upesi.

Namna ya tatu: namba tupu

Dubai ina jambo ambalo miji mingi haina. Manispaa ya Dubai imeyapa majengo namba za Makani, zenye tarakimu kumi, na namba hutolewa kwa kila mlango wa kuingilia, si kwa jengo zima tu. Kibao chake kimebandikwa karibu na mlango. Jengo lenye milango miwili lina namba mbili, kwa hiyo mwenye mlango wa upande wa maegesho anaweza kuutaja mlango huo huo bila kueleza maegesho ni nini. Namba pia ni lugha moja kwa Mpakistani, Mnepali na Mswahili. Hakuna mashine itakayoitafsiri.

Kwa mahali pasipo na Makani, au kama unataka kitu kinachofunguka moja kwa moja kwenye Google Maps, kuna Plus Code. Bonyeza na kushikilia juu ya nyumba yako kwenye ramani, utauona mchanganyiko wa herufi na tarakimu wenye alama ya + katikati. Herufi zake zimechaguliwa kwa kuziacha irabu, ili zisiunde maneno. Hilo linaukinga pia na mashine ya kutafsiri, ambayo haikuti neno la kushika. Msimbo wa kawaida unataja mraba wenye upande wa mita 14 hivi.

Kuna mtego mmoja ambao nimeona watu wakiingia bila kujua chanzo chake. Kiurdu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na simu inapochanganya mwelekeo huo na tarakimu, makundi ya tarakimu hupangwa upya. Namba ya Makani huandikwa aghalabu kwa makundi mawili ya tano tano, yenye nafasi katikati. Ukiiweka hivyo ndani ya sentensi ya Kiurdu, kundi la kwanza linaweza kuonekana kulia na la pili kushoto. Anayeichapa upya kutoka kushoto anaingiza namba nyingine, nayo inaweza kumpeleka kwengine au isipatikane kabisa. Jambo hilo hilo huvipata vitu vinavyoanza na tarakimu kisha kistari kisha herufi: 12-X inaweza kuonekana X-12. Ikianza na herufi, X-12, inabaki ilivyo. Dawa yake ni ndogo: andika tarakimu kumi za Makani zikiwa zimeshikana, ziweke peke yake kwenye mstari wake, na jengo lianze na herufi. Namba ya simu pia iandike bila nafasi.

Kwa nini basi nisiseme namba tupu inatosha? Kwa sababu Makani kwa kawaida hutafutwa kwenye programu yake, na raida anayeendesha chini ya muda wa programu ya chakula hatafunga ramani yake ili aanze kuchapa tarakimu kumi huku jasho la glovu likiwa kwenye skrini. Wengine hawana programu hiyo. Plus Code inafunguka kwa kubandikwa kwenye Google Maps, lakini inataja eneo la ardhi: haijui ghorofa, haijui fleti, na ikiwa umebonyeza katikati ya paa, ramani inaweza kumleta kwenye barabara ya nyuma iliyo karibu zaidi na nukta hiyo. Pini ya ramani ina ugonjwa huo huo, na ukiiweka ukiwa ndani ya nyumba, GPS inaweza kuisogeza mpaka jengo la jirani. Ndani ya England Cluster, jengo la jirani linafanana na lako kama pacha, na raida hana njia ya kugundua kwamba amekosea mpaka mlango wa 304 ya watu wengine ufunguliwe.

Namba zinakosa kitu kile alama zinachotoa, yaani uthibitisho. Raida akifika na kuliona bango AL NOOR LAUNDRY, anajua amefika. Akifika kwenye nukta ya ramani, anaamini tu.

Kuzichanganya, na kuzipima

Ujumbe ninaoupendekeza kwa nyumba ya mfano ni ule wa pili, ukiwa na Makani kwenye mstari wa mwisho na pini iliyowekwa kwa mkono. Pini isogeze kwa kidole mpaka juu ya mlango wa upande wa maegesho, ukiwa kwenye picha ya setilaiti. Usibonyeze "mahali nilipo" ukiwa chumbani. Pini inamleta mtaani, jengo na bango vinamthibitishia, na Makani inabaki kwa mwenye kuitumia.

Mpangilio una maana. Simu iliyofungwa kwenye usukani huonyesha mistari michache, kwa hiyo kundi, jengo na fleti vije kwanza, salamu isiwepo juu. Pale programu inapokupa visanduku tofauti vya jengo, ghorofa na fleti, vijaze hivyo kabla ya kuandika chochote kwenye sehemu ya maelekezo.

Kabla ya kuhifadhi, upime. Tafsiri ujumbe wako kwenda Kiingereza kwanza, hata kama lengo lako ni Kiurdu, kwa sababu hapo ndipo utaona daraja lilipovunjika: je, England Cluster imebaki? Bango limebaki na herufi zake? Umeona popote "under", "in front of", "cry"? Rekebisha Kiswahili chako mpaka Kiingereza kitulie. Kisha tafsiri kwenda Kiurdu, nakili matokeo, uyarudishe kwenye Kiswahili. Kipimo hiki cha kurudisha kinakamata majina yaliyogeuzwa na saa zilizopotoka. Hakikamati "saamne": Kiurdu kikirudi kitasema "mbele ya", nawe utaridhika, hali raida anasoma "ng'ambo". Kwa hiyo ukiona neno la uhusiano limebaki kwenye ujumbe wako, usiamini kipimo; liondoe au lieleze kwa sentensi mbili.

Wengine huuliza kama si bora kuandika Kiingereza moja kwa moja. Kama unaweza kuandika mistari mifupi ya namna ya pili kwa Kiingereza bila kubahatisha, andika, umeiondolea mashine hatua moja. Kama unabahatisha, Kiswahili kifupi kilichonyooka kinapita vizuri kuliko Kiingereza kilichopinda, kwa sababu mashine inajua kukisoma Kiswahili sahihi, lakini Kiingereza chenye kosa inakitafsiri pamoja na kosa lake.

Nje ya International City

Mahali pengine uzito unahama. Deira, alama zinatosha karibu peke yake, kwa kuwa maduka yamesongamana na vituo vya metro vinajulikana na kila mtu. Huko jihadhari na majina yanayotafsirika: kituo cha Union kiandikwe Union. Ukiandika "kituo cha Muungano" umemwachia raida kazi ya kubuni. Na penye majina mawili toa yote mawili. Ramani inasema Baniyas Square, lakini waliokaa Dubai muda mrefu bado wanasema Nasser Square. Andika "Baniyas Square (Nasser Square)". Muhaisnah 2 nayo, yenye kambi nyingi za wafanyakazi, kwa raida wa Kihindi na Kipakistani ni Sonapur. Ukiwa unaishi kambini huko, tatizo lako si mtaa bali geti: andika namba ya geti na jina la kambi kama lilivyo kwenye bango, kisha mtoke mkutane getini, kwa sababu mara nyingi raida haruhusiwi kuingia.

Kwenye mitaa ya nyumba za ukuta, kama sehemu za Al Rashidiya au Jumeirah, mpangilio unapinduka kabisa. Hakuna bango, hakuna duka, na namba ndiyo inayotangulia: Makani juu, namba ya nyumba na ya barabara chini yake, halafu alama moja ya ukutani inayoonekana usiku, kwa mfano taa mbili za kijani juu ya geti. Hapo mtumie pia picha ya geti lenyewe, iliyopigwa kutoka barabarani na usiku, kwa sababu ya mchana itamwonyesha rangi ambazo hatazikuta.